Nani anaongoza? Swali ambalo gazeti moja lilichoka kuuliza

Kila msimu wa kampeni tunabishana hapa kuhusu namba. Huyu ana 47, yule ana 44, basi huyu anaongoza, na kabla chai ipoe watu washatukanana. Wasomi wa habari huuita mtindo huu uandishi wa mbio za farasi. Mwanahabari anakuwa kama mtangazaji pale uwanja wa Ngong Road: nani ametangulia, nani anachoka, nani amebadilisha mpanda farasi. Mshindi akishapata kiti atafanya nini nacho, hilo haulizwi mtu.

Kwanza tumalizane na hiyo 47 kwa 44. Ukihoji watu 1,500 waliochaguliwa kwa nasibu, kila namba inaweza kuwa juu au chini kwa takriban asilimia 2.5. Kwa hivyo wa 47 anaweza kuwa na 45, na wa 44 awe na 46. Kichwa cha habari cha haki kingesema wako bega kwa bega, lakini hicho hakiuzi. Mnakumbuka 2022? Tafiti kadhaa za mwisho zilimweka mbele mgombea ambaye baadaye alitangazwa wa pili, 50.49 kwa 48.85.

Tuna sheria ya 2012 kuhusu tafiti hizi. Anayezichapisha lazima aeleze ni wangapi walihojiwa na nani alilipia, na siku tano za mwisho haruhusiwi kuzitangaza. Ni sheria nzuri, lakini inasafisha namba tu. Haimfanyi mgombea ajibu kitu.

Ndiyo maana kisa ninachokipenda kinatoka mbali, mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani. Mwaka 1990 jimbo hilo lilikuwa na uchaguzi wa seneti wenye matangazo machafu ya televisheni, na magazeti yakabaki kuripoti nani kamrushia nani tope na nani kapanda kwenye utafiti. Mhariri wa Charlotte Observer, Rich Oppel, hakuridhika. Uchaguzi wa 1992 ulipofika, gazeti lake lilishirikiana na Taasisi ya Poynter ya Florida kujaribu njia nyingine.

Hapa ndipo pananifurahisha: hawakutupa utafiti wa maoni. Walihoji wakazi kama 1,000, ila walibadilisha swali. Badala ya utampigia nani, wakauliza unataka wagombea wazungumzie nini. Majibu yakaangukia mambo machache: uchumi na kodi, uhalifu na dawa za kulevya, afya, elimu, mazingira, na maisha ya familia na mtaa. Orodha hiyo ndiyo ikawa ratiba ya wanahabari. Mgombea akija na vioja vyake, sawa, lakini maswali ya wananchi yako palepale yanamngoja.

Sasa sikiza hii. Mwanasiasa mmoja mkongwe, aliyekuwa akitetea kiti chake cha seneti, aliulizwa kuhusu mazingira. Akasema hilo atalizungumzia baadaye, kampeni ikifika mbele. Yaani mazingira hayakuwa kwa mpango wake wa wakati huo. Oppel akamjibu kwamba sawa, gazeti litaacha nafasi tupu chini ya jina lake. Jibu lililetwa.

Angalia kilichomsukuma. Hakutukanwa, wala hakuandikiwa tahariri kali. Wagombea waliwekwa kando kwa kando, swali moja, majibu yao, na pengo la mmoja lingeonekana na kila mtu. Kwenye mbio za farasi kunyamaza hakuna gharama, hata kunaweza kukupandisha.

Lakini tusidanganyane, njia hii ina mipaka. Oppel alikuwa na gazeti kubwa la mji wake, enzi ambazo hakukuwa na simu ya kila mtu. Mgombea wa hapa ukimwachia nafasi tupu ataenda redio ya lugha ya nyumbani, au aende laivu kwa ukurasa wake, na asiulizwe chochote. Ingebidi vyombo kadhaa vikubaliane maswali yaleyale wiki ileile. Pia kujua nani ana nafasi si upuzi: urais wetu unataka nusu ya kura na zaidi kidogo, na mpiga kura ana haki ya kupiga hesabu.

Pa kuanzia pengine ni ugavana, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeshaandika kazi za kaunti: zahanati, chekechea, barabara za kaunti, kilimo. Chukua zahanati peke yake. Dawa zikiisha kabla mgao wa pesa kutoka Nairobi kufika, utalipa kwa fungu gani, na utapunguza nini? Weka wagombea wote kwa jedwali moja, jina na jibu. Asiyejibu, muachie kisanduku cheupe hadi siku ya kura.