Kikabidhiwa: Kinacholipiwa Katika Dili la Video Fupi

Kikabidhiwa ni kitu mahususi ambacho mtayarishaji wa maudhui anaahidi kuipa kampuni ili alipwe. Video moja ya sekunde 45 iliyowekwa TikTok ni kikabidhiwa. Stori tatu za Instagram ni vikabidhiwa vitatu. Kitu hicho lazima kiweze kuonekana, kuhesabiwa na kupewa tarehe, ili watu wawili wasiofahamiana waweze kukubaliana kama kimetolewa au bado.

Katika mazungumzo ya kila siku watayarishaji husema posti, video au kazi, na maneno hayo yanatosha kwenye simu. Shida huanza kwenye maandishi. Kampuni nyingi za Nairobi na Dar es Salaam huandika mikataba kwa Kiingereza, na anayeifasiri, akifika kwenye neno deliverable, hujikuta akichagua kati ya matokeo, mazao na kikabidhiwa. Matokeo ni chaguo baya, kwa kuwa hutaja athari ya kazi badala ya kazi yenyewe. Mtayarishaji aliyetia saini kwamba atatoa matokeo anaweza kudaiwa idadi ya watazamaji au chupa zilizouzwa, mambo asiyoyatawala. Mazao nayo yana utata huohuo, maana huweza kueleweka kuwa faida. Kikabidhiwa, neno lililoundwa kwa kitenzi kabidhi katika hali ya kutendwa, kama kirejelewa kilivyoundwa katika isimu, hutaja kile tu kinachotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana linafaa kuliko yale mengine mawili.

Bei hujengwa juu ya vikabidhiwa, na idadi ya wafuasi ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. TikTok huonyesha video kwa watu wengi wasiomfuata mtayarishaji, na wafuasi wengi hawaioni kabisa. Kipimo bora ni idadi ya watazamaji wa video kumi za karibuni, na hapo ichukuliwe thamani ya katikati, si wastani. Tuchukulie mpishi wa Nairobi mwenye wafuasi 60,000. Video zake tisa zilitazamwa kati ya mara 12,000 na 20,000, na moja ikavuma hadi 300,000. Wastani utapita 40,000 na kuipa kampuni tumaini la uongo; thamani ya katikati itakuwa karibu 16,000, na hiyo ndiyo anayoweza kuifikia tena mwezi ujao. Kampuni makini itaomba pia picha ya skrini inayoonyesha watazamaji wanatoka nchi gani, kwa sababu mtengenezaji wa mafuta ya kupikia anayeuza Kenya hanufaiki na mtazamaji aliye mbali na duka lake.

Mpishi huyo anafuatwa na kampuni ya mafuta inayotaka video mbili na stori tatu. Kwanza anahesabu gharama zake: viungo, usafiri, na siku mbili za kupika, kupiga picha na kuhariri. Kisha anataja shilingi 15,000 kwa kila video na 2,000 kwa kila stori, jumla shilingi 36,000. Hizi ni bei za mfano tu, lakini namna ya kuzipanga ndiyo yenye maana. Kila kikabidhiwa kina bei yake, hivyo kampuni ikisema bajeti yake ni ndogo, mpishi huondoa stori moja au mbili badala ya kushusha bei ya kazi ileile.

Halafu kampuni inaomba jambo ambalo wengi huliachia bure: kuitumia video yake kama tangazo la kulipia. TikTok huliita Spark Ads. Mtayarishaji hutoa msimbo wa idhini kwa muda maalumu, kama siku 7 au 30, na kampuni hulipa ili video hiyo isambazwe zaidi ikiwa bado na jina la mtayarishaji. Hiki si kikabidhiwa kipya, kwa kuwa hakuna kazi inayoongezeka. Ni haki ya matumizi, na inauzwa kivyake kwa muda. Uso wa mpishi ukionekana mwezi mzima kwenye tangazo la mafuta haya, kampuni nyingine ya mafuta haitamtaka katika kipindi hicho. Anaongeza shilingi 9,000 kwa siku 30, na dili linafika shilingi 45,000.

Mkataba wa kazi hii unaweza kuenea kwenye ukurasa mmoja. Sehemu yake ya vikabidhiwa isomeke hivi: Mtayarishaji atakabidhi video mbili za wima, kila moja ya sekunde 30 hadi 60, ya kwanza tarehe 5 na ya pili tarehe 12, pamoja na stori tatu ndani ya siku mbili baada ya video ya kwanza. Sentensi inayosema atakuza bidhaa mtandaoni haina kikabidhiwa hata kimoja ndani yake, na ndiyo huzaa ugomvi, kwani kampuni inaweza kuomba video ya tano na bado ikawa na hoja.

Masahihisho yanahitaji mpaka pia. Kwa kawaida kampuni huiona rasimu kabla haijawekwa mtandaoni, na hapo kazi nyingi hukwama. Mkataba useme kampuni itajibu ndani ya siku tatu za kazi, na ikinyamaza, rasimu ihesabiwe kuwa imekubaliwa. Useme vilevile kwamba kosa la mtayarishaji, kama kutaja bei isiyo sahihi, husahihishwa bila malipo, lakini kampuni ikibadilisha wazo baada ya video kupigwa, video mpya ni kikabidhiwa kipya chenye bei yake. Muziki nao uamuliwe mapema: video ya biashara kwenye TikTok hutakiwa kutumia nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara, na wimbo unaovuma ukiwekwa bila ruhusa, video inaweza kunyamazishwa sauti siku ya kampeni. Alama ya kuonyesha kuwa maudhui yamelipiwa iwashwe wakati wa kuweka video.

Malipo yagawanywe. Mpishi wa mfano anadai nusu, shilingi 22,500, kabla ya kupiga video ya kwanza, na nusu nyingine ndani ya siku 14 baada ya kikabidhiwa cha mwisho kuwekwa. Malipo yafungwe kwenye kukabidhi na yasisubiri ripoti ya mauzo. Nchini Kenya, tangu Julai 2023, anayemlipa mkazi kwa maudhui ya kidijitali hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Kwa shilingi 45,000 makato ni 2,250, na zinazoingia mkononi ni 42,750. Mtayarishaji adai cheti cha makato hayo, kwa sababu hupunguza kodi atakayodaiwa mwisho wa mwaka.

Linabaki suala la mwenye video. Kukabidhi kitu si lazima kuwe kukiuza moja kwa moja, na watayarishaji wengi huamini video waliyoipiga kwa simu zao ni yao daima. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kinyume kuhusu kazi zilizoagizwa: hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa hiyo mpishi anahitaji sentensi moja zaidi kabla ya saini: Hakimiliki ya video inabaki kwa mtayarishaji, na kampuni inaruhusiwa kuitumia kama tangazo kwa siku 30 tu. Bila sentensi hiyo, kampuni inaweza kuirusha video yake mwaka unaofuata bila kumlipa senti.