Msimu wa korosho na thamani ya shilingi

Kupanda kwa bei ya korosho ghafi huko Masasi na Newala, kama ilivyotokea Oktoba 2024 minada ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, hugusa sarafu ya nchi nzima. Mnunuzi huja na dola, lakini mkulima hulipwa kwa shilingi kupitia chama chake cha msingi. Hivyo dola huuzwa benki kwa wingi ndani ya miezi michache. Kwa kuwa mapato ya dhahabu na utalii nayo yalikuwa mazuri, dola iliyokuwa juu ya shilingi 2,700 ilishuka hadi karibu 2,400 mwezi Desemba mwaka huo.

Hapo mkulima anaweza kuumia bila soko la dunia kubadilika. Kilo ya korosho ya dola 1.50 huleta shilingi 4,050 dola ikiwa 2,700, ila huleta 3,600 tu ikiwa 2,400.

Benki Kuu ya Tanzania inaweza kununua sehemu ya dola hizo, na akiba ikatuna kwa ajili ya miezi ya ukame wa dola. Lakini kila dola inayonunua huingiza shilingi mpya mitaani, juu ya malipo ya korosho yanayopandisha kodi za vyumba na bei za mabati Mkomaindo, Masasi. Ili kuzuia mfumuko, huzinyonya shilingi hizo kwa kuuza dhamana na kulipa riba, gharama inayoibeba yenyewe. Kuacha shilingi ipande hupunguza bei ya mafuta yaagizwayo, lakini mzigo humwangukia muuza korosho.