Kununua nyumba kwa mkopo: nyaraka za benki, na tarehe ya kumwambia muuzaji

Mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki huwa na mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Moja ni kati yake na benki, inayomdai nyaraka. La pili ni kati yake na muuzaji, anayetaka kujua siku atakayopata fedha zake. Ugomvi mwingi huzuka pale ambapo jibu la benki, «mkopo umekubaliwa», linapofikishwa kwa muuzaji kana kwamba maana yake ni «fedha zimefika».

Kwa mkopo wenye rehani, siku hizo mbili zimeachana. Baada ya kukubali, benki husubiri mkataba wa mauzo uthibitishwe mbele ya notari, umiliki uhamishwe, na rehani yake iandikwe na msajili wa hati za ardhi. Ndipo inapotoa fedha, au angalau sehemu yake kubwa. Kila hatua ina ofisi yake na foleni yake.

Hati ya muuzaji kwanza

Watu wengi huanza kwa kukusanya karatasi zao wenyewe. Ni vyema zaidi kuanza na karatasi ya muuzaji, kwa sababu ndiyo inayochelewesha zaidi.

Sheria ya ardhi ya Burundi ya tarehe 9 Agosti 2011 inatambua hati miliki inayotolewa na idara ya hati za ardhi, na pia cheti cha ardhi kinachotolewa na huduma ya ardhi ya tarafa. Lakini viwanja vingi vya vilimani, Gasorwe ikiwemo, vimekuwa vikiuzwa kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya majirani na mkuu wa kilima. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mauzo yalifanyika, ila haitoshi kuandikisha rehani. Ikiwa ndiyo pekee iliyopo, itabidi kiwanja kipimwe, mipaka iwekwe na hati iombwe, na hayo huweza kuchukua miezi mingi. Mnunuzi amwambie muuzaji jambo hilo siku ya kwanza.

Hati ikiwepo, soma mambo matatu: jina la mwenyewe, vipimo na mipaka, na kama kuna rehani ya zamani isiyofutwa. Kisha uliza katika ofisi iliyoitoa kama nakala hiyo inalingana na kitabu chao. Usishangae hati ya zamani ikitaja mkoa wa Muyinga: tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025, eneo hilo limo katika mkoa wa Buhumuza. Jina la mkoa likibadilika, umiliki haubadiliki.

Faili la mnunuzi

Kwa mwajiriwa, benki kwa kawaida hutaka kitambulisho, cheti cha ndoa au cha kutooa, uthibitisho wa kazi kutoka kwa mwajiri, karatasi za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya akaunti, na ahadi ya mwajiri kwamba mshahara utaendelea kupitia benki hiyo. Huongezwa nakala ya hati ya nyumba, makubaliano ya awali na muuzaji, na ripoti ya mthamini. Kwa mfanyabiashara, nafasi ya karatasi za mshahara huchukuliwa na daftari la mauzo, nyaraka za kodi na mwendo wa akaunti.

Mitego ni miwili. Jina likiandikwa kwa namna mbili tofauti katika kitambulisho na cheti cha ndoa, faili hurudishwa. Na baadhi ya vyeti huhesabiwa kuwa vimechakaa baada ya miezi michache; atakayevichukua mapema mno atavilipia tena. Chukua kwanza vile visivyochakaa, na vyeti vya tarafa uvichukue mwisho.

Mfano: nyumba ya faranga milioni 22

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Gasorwe na mkewe muuguzi, wanaotaka nyumba mjini Muyinga. Mishahara yao kwa pamoja ni faranga 900,000 kwa mwezi. Tuseme benki yao hairuhusu makato yazidi theluthi moja, yaani 300,000. Lakini tayari wanalipa 60,000 kwa chama cha akiba na mikopo. Zinabaki 240,000.

Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na muda wa miaka 10, mkopo wa milioni 16 unadai malipo ya takriban 229,600 kwa mwezi. Unaingia, ila kwa shida. Wana akiba ya milioni 7: milioni 6 za kukamilisha bei, na milioni 1 waliyoitenga kwa ajili ya mthamini, notari na usajili. Gharama hizo hazimo katika bei, na asiyezitenga hukwama akiwa na mkopo uliokwisha kukubaliwa.

Muuzaji ni mzee anayehitaji fedha kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba. Wanazungumza mwezi wa Juni. Mwalimu angeweza kumwambia, «Usijali, mzee, Agosti utakuwa umelipwa.» Badala yake anasema: «Mzee wangu, faili letu litakuwa benki baada ya wiki mbili, hilo liko mikononi mwangu. Jibu la benki nalitarajia baada ya mwezi hivi. Usajili wa hati sina uwezo wa kuuahidi. Nadhani ni mwisho wa Septemba, na huenda ukapita hapo. Akitokea mwenye fedha taslimu kabla hatujatia saini, sitakulaumu.»

Mzee anaamua kusubiri. Wanaandika kwamba makubaliano yatadumu hadi tarehe 30 Septemba. Kwamba arubuni ya milioni 1, iliyo sehemu ya zile milioni 6, itarudishwa yote benki ikikataa kwa barua. Na kwamba mnunuzi ataipoteza asipowasilisha faili ndani ya siku 15. Mwalimu anaongeza ombi moja: mzee asiitumie arubuni kabla ya barua ya benki, kwani huenda ikabidi airudishe.

Hati inapoletwa, inaonekana bado ina jina la baba wa mzee, aliyefariki zamani. Warithi ni wanne, na dada mmoja anaishi Kigoma. Benki haitaandikisha rehani juu ya jina la marehemu. Lazima warithi wote watie saini, na dada aje au atume wakala mwenye barua iliyothibitishwa kisheria. Kwa makadirio ya mwalimu, mwezi mmoja unaongezeka. Anamwarifu mzee siku hiyo hiyo, na wanaandika tarehe mpya, 31 Oktoba, chini ya mkataba ule ule kwa saini za wote. Mzee, akijua mapema kwamba fedha hazitawahi Septemba, anapata muda wa kuzungumza na shule kuhusu kulipa karo kwa awamu.

Anachokabidhi muuzaji

Mwisho wa safari, muuzaji hutakiwa kutoa hati yake kabla hajaiona pesa, na hofu yake ni ya haki. Dawa yake ni barua ya benki kwa notari, inayotaja kiasi, jina la muuzaji na akaunti yake, na kuahidi malipo mara rehani itakapoandikwa. Muuzaji aombe kuiona barua hiyo, kisha akabidhi hati mbele ya notari huyo, na kupewa karatasi ya kupokelewa. Asiikabidhi kwa mnunuzi mwenyewe, hata akiwa jirani yake.