Shindano Lililoogelewa Kitandani

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Suinn aliigawa timu ya kuteleza kwenye theluji ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado katika makundi mawili yenye uwezo sawa. Kundi moja lilifundishwa kulegeza misuli, kisha kushuka mlima mzima akilini, kona kwa kona. Jingine liliendelea na mazoezi ya kawaida. Utafiti huo haukukamilika. Kocha aliona waliofundishwa wanazidi kuimarika, akawapanga hao mashindanoni, na Suinn akabaki hana wa kulinganisha nao. Simlaumu kocha, kazi yake ilikuwa kushinda.

Kwamba mawazo hufika mwilini kulishajulikana. Miaka ya 1930, Edmund Jacobson wa Chicago alipima misuli ya watu waliowaza tu kukunja mkono, akakuta umeme mdogo ukipita humo. Ila mawazo hayachukui nafasi ya jasho. Mwaka 1983 Deborah Feltz na Daniel Landers walijumlisha tafiti 60 wakaona kwamba mazoezi ya akilini ni bora kuliko kutofanya lolote, basi.

Aliyeyatumia kwa ukamilifu ni mwogeleaji Michael Phelps wa Baltimore. Tangu ujanani aliandika malengo yake kwenye karatasi iliyokaa karibu na kitanda, na hayakuwa maneno ya “nishinde”, bali muda aliotaka kwa kila shindano. Kocha wake, Bob Bowman, alimtaka kila usiku kabla ya kulala na kila asubuhi aliangalie shindano kichwani kama mkanda wa video: kuruka, kila pigo la mikono, kugeuka ukutani. Alijitazama kutoka jukwaani, kisha kutoka ndani ya maji. Na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwaza ushindi tu. Phelps aliwaza pia mabaya: vazi kuchanika, miwani kuvuja.

Agosti 2008, Beijing, fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani ilivuja kweli. Maji yalianza kuingia mara tu aliporuka, na katika mita 50 za mwisho hakuona ukuta, mstari wala wapinzani. Asiyejiandaa huinua kichwa kutafuta ukuta, kiuno kikazama na kasi ikapotea. Au hufika mkono ukiwa katikati ya pigo. Phelps alijua urefu ule humchukua mapigo mangapi. Akahesabu, akanyoosha mikono, akagusa.

Saa ilionyesha dakika 1 sekunde 52.03, rekodi mpya ya dunia, mbele ya László Cseh wa Hungaria. Phelps aliing'oa miwani kwa hasira. Alikuwa amekusudia muda mfupi zaidi.