Kabla ya Status, Kulikuwa na Leso

Wazazi husema hii tabia ya kuposti mstari wa ngoma ili mtu fulani ajijue ni ugonjwa wa kizazi chetu. Sawa, wacheke. Lakini wakimaliza kucheka, wamuulize shosho yeyote wa Mombasa leso yake ya ujana ilikuwa imeandikwa nini, na alipenda kuivaa akipita kwa mlango wa nani.

Kwa sababu mchezo ni uleule. Unachukua maneno ambayo hukuyatunga wewe, unayaweka mahali watu wataona, halafu unakaa kimya. Ukiulizwa, unaruka. Kwa leso unasema ulipenda rangi. Kwa Status unasema ni ngoma tu, manze, si ati kila kitu ni kuhusu wewe.

Pale Biashara Street, Mombasa, kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la leso za chapa ya Mali ya Abdulla, ambalo limekuwa kwa hiyo biashara tangu 1887. Huyo mzee ndiye hutajwa sana watu wakisimulia jinsi leso zilianza kuwekwa maneno. Mwanzoni yalikuwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi herufi zetu. Kile kistari cha maneno kinaitwa jina la leso, na mnunuzi anayejua kazi yake husoma jina kabla hajauliza bei. Ukijifunga kiunoni, jina linakuja nyuma. Yaani anayelisoma ni yule umempa mgongo. Mama akinunua leso ya "Kikulacho ki nguoni mwako" na kupita nayo mbele ya jirani aliyekuwa rafiki, hajasema kitu. Hakuna mzee wa mtaa anaweza kumwita kikao kwa sababu ya kitambaa.

Kwa harusi, mchezo ulipanda ngazi. Taarabu ya pwani ina kitu kinaitwa kutunza. Mwimbaji anaimba, na mwanamke aliyekaa huko nyuma anasubiri. Hainuki wimbo ukianza. Anangoja mstari wake. Ule mstari ukifika, anasimama, anainua noti juu ili ukumbi wote uione, anaenda mbele polepole akicheza, na ile njia anapitia si bahati mbaya. Anapita karibu na meza ya mtu fulani. Labda anageuza jicho kidogo tu. Halafu anampa mwimbaji pesa na kurudi kukaa kama mtu ambaye alikuwa anafurahia muziki.

Kelly Askew, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake Tanga, ameandika haya kwa kitabu chake cha 2002, Performing the Nation. Hoja yake ambayo mimi nimeipenda ni kwamba mwenye ujumbe hapo si mwimbaji. Mwimbaji amekopesha maneno tu. Ujumbe unatengenezwa na yule aliyeinuka: ameinuka wakati gani, amepita wapi, ameangalia nani. Wimbo uleule usiku uleule unaweza kubeba bifu tatu tofauti, kulingana na nani amesimama kwa mstari upi.

Sasa njoo huku kwetu. WhatsApp yenyewe ilianza 2009 kama apu ya kuambia watu uko aje: uko bize, uko kazini, betri inaisha. Kistari kimoja chini ya jina lako, kinakaa hadi ukibadilishe. Februari 2017 wakaleta Status za picha na video zinazopotea baada ya saa 24, wakaondoa kile kistari. Watu walilalamika hadi Machi kikarudishwa. Watu walilalamikia kistari! Inakuonyesha kilikuwa kinafanya kazi gani.

Lakini kitu kikubwa kilibadilika hapo, na ndicho kinafanya hii maneno ichomee watu leo. Leso ilikuwa na mgongo na mlango. Taarabu ilikuwa na njia ya kupita kati ya viti. Ukumbi mzima ungeweza kusema, huyo amerushiwa fulani. Status haina njia. Inaingia kwa simu ya kila mtu ikiwa imesimama wima, inamwangalia yeye. Wewe unayetazama huoni nani mwingine ametazama. Aliyeposti ndiye ana orodha ya majina na saa. Kwa hivyo ujumbe ulipoteza mwelekeo, na kila mtu akabaki kukisia peke yake gizani.

Chukua kisa cha dem mmoja ninayemjua, tuseme anakaa hosteli. Jumamosi saa tatu usiku aliposti mstari mmoja wa Bongo, ile maneno ya mtu kukuchekea huku anakuchimba. Hakuweka jina wala picha. Alikuwa anamlenga binamu yake aliyepeleka umbea nyumbani kwamba haendi darasani. Mwenzake wa chumba aliuona. Huyo mwenzake alikuwa na deni lake la shilingi 3,000, na siku mbili kabla alikuwa amelalamika kwa marafiki wengine kuhusu usafi wa chumba. Kwa kichwa chake, hesabu ilijaa. Jumapili pesa ikaingia kwa M-Pesa bila neno, na kufikia Jumatano alikuwa amehamia chumba kingine. Binamu hakufungua hiyo Status hata sekunde moja. Dem alikuwa anaangalia orodha kila saa akimngoja.

Ukiangalia vizuri, yule mwenzake hakuwa mjinga. Alitumia njia ambayo sisi wote hutumia: nani alinikosea, au nilimkosea nani, kwa siku mbili zilizopita? Shida ni kwamba hilo swali linapata jibu kila wakati. Hakuna mtu hana deni.

Kuna dalili bora kidogo. Kwanza angalia ni sehemu gani ya wimbo. Kama ni kiitikio, na ngoma imetoka Ijumaa, na watu wengine watano wameposti kilekile, hiyo ni ngoma tu, lala. Kama ni ubeti wa pili wa wimbo wa miaka sita iliyopita, mtu amechimba, na kuna sababu. Pili, angalia kama imeondolewa kabla ya saa 24 kuisha. Iliyotolewa baada ya dakika kumi mara nyingi ilikuwa na mtu mmoja, na huyo mtu ameshaona. Lakini hata hapo unajua tu kwamba kulikuwa na mlengwa. Kama ni wewe, hakuna mahali imeandikwa.

Na ukimwuliza moja kwa moja, atakuruka. Lazima akuruke, maana akikubali, maneno yanakuwa yake, na alikopa ngoma ndio yasiwe yake. Hapo ndipo naona kina shosho walituzidi. Kwao, aliyerushiwa angeenda dukani, atafute jina la kujibu, na wiki ijayo apite mlango ule mwingine na leso mpya. Kama umekosea mlengwa, utajua, kwa sababu leso ya kujibu itatoka nyumba ambayo hukutarajia.

Yule dem alijua wiki mbili baadaye, tena kutoka kwa mtu wa tatu, kwa nini kitanda cha pili kilikuwa wazi. Zile 3,000 alikuwa amedhani ni deni tu limelipwa.