Pombe na vidonda vya tumbo: kwa nini maumivu yanarudi

Kama una vidonda vya tumbo na unakunywa waragi, kanyanga au lotoko, huenda umeona kwamba dawa inakutuliza siku chache, kisha maumivu yanarudi. Soma hapa ujue sababu na la kufanya.

Pombe inafanya nini tumboni?

Tumbo lina tindikali ya kusaga chakula. Ukuta wake hauungui kwa sababu umefunikwa na ute mzito. Pombe kali huharibu ute huo, na tindikali hugusa nyama yenyewe. Ukuta huvimba na kuuma. Ukinywa bila kula, pombe hufika ukutani bila kuchanganyika na chochote.

Bia haina ukali huo, lakini huongeza tindikali. Pombe ya aina yoyote pia hulegeza mlango ulio kati ya tumbo na koo la chakula. Ndiyo maana ukilala baada ya kunywa, unasikia kiungulia kifuani na uchachu mdomoni.

Pombe ndiyo inayoleta vidonda?

Mara nyingi vidonda huletwa na bakteria anayeitwa *H. pylori*, au na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na asprini. Pombe huzuia kidonda kupona.

Tuseme umekunywa waragi jioni bila kula. Asubuhi kichwa kinauma, unameza ibuprofeni. Dawa hiyo hupunguza ute ambao pombe tayari imeuharibu. Ukirudia hivyo mara kwa mara, kidonda kinaweza kuanza kutoa damu.

Ufanye nini?

- Mwambie mhudumu wa afya ukweli kuhusu unachokunywa na dawa unazomeza. Uliza kama unaweza kupimwa *H. pylori*.
- Ukipewa omeprazoli, imeze nusu saa kabla ya kula, na umalize siku ulizoandikiwa hata kama maumivu yameisha.
- Usinywe pombe wakati wa matibabu. Ukipewa metronidazoli, subiri angalau siku 3 baada ya kidonge cha mwisho, kwa sababu dawa hiyo ikikutana na pombe inaweza kukutapisha.
- Kama unakunywa kila siku na mikono inatetemeka usipopata pombe, usiache ghafla peke yako. Unaweza kupata degedege. Nenda kituo cha afya upangiwe namna ya kuacha.

Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiona:

- unatapika damu, au matapishi yanafanana na unga wa kahawa;
- choo ni cheusi, kinanata kama lami na kinanuka sana;
- maumivu makali ya ghafla na tumbo limekuwa gumu;
- kizunguzungu, au unazimia.

Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi. Kama unavimeza, mwambie mhudumu, lakini usikae nyumbani ukikisia.