Mesaji ya kwanza kwa mukiliya asiyekujua: mufano wa atelie ya kushona mu Butembo

Kila mwaka, kati ya mwezi wa saba na mwanzo wa mwezi wa tisa, ateliye nyingi za kushona mu Kivu ya Kaskazini zinatafuta komande za uniforme. Mashati meupe, sketi na suruali za bluu: wanafunzi wanazihitaji mbele masomo ianze. Zamani mushonaji alikuwa anazunguka ku miguu, masomo kwa masomo. Leo wengi wanaanza ku telefone. Wanatafuta profili ya prefe ku Facebook, wanamuandikia mu Messenger, kisha wanangoja. Mara nyingi jibu halikuji, na mushonaji anafikiri kama prefe amemuzarau. Lakini mara nyingi prefe hajaona hata kitu.

Mesaji inaangukia wapi

Mutu akituma mesaji kwa mutu ambaye si rafiki yake ku Facebook, ile mesaji kwa kawaida haiingie pamoja na mazungumzo mengine. Inawekwa pembeni, mu kisanduku chenye jina Invitations par message. Mwenye kuipokea anapashwa kufungua menyu ya Messenger na kuingia humo yeye mwenyewe. Hata telefone inaweza kukosa kulia. Mesaji ambazo Facebook inazishuku zinaenda mbali zaidi, mu kisanduku cha Spam, na watu wengi hawakifungue hata siku moja.

Akifungua kile kisanduku, prefe anaona picha ndogo ya profili, jina, na maneno machache tu ya mwanzo. Anaweza kusoma mesaji yote bila kuikubali, na mwenye kutuma hatajua kama imesomwa. Alama ya kuonyesha kama mesaji imeonwa inakuja kisha tu prefe kukubali mazungumzo. Kwa hiyo, alama inayobaki kwa "imetumwa" haimaanishe kama amekataa. Inaweza kuwa hajaingia mule bado, ao amesoma na anawaza.

Kuko wenye kujaribu kupitia Paje ya atelie yao. Ile njia haifunguke: Paje ya Facebook haiwezi kumuandikia mutu wa kwanza kama ule mutu hajaiandikia. Mwenye atelie anapashwa kutumikisha profili yake mwenyewe. Ndiyo sababu anapashwa kuitengeneza mbele ya kutuma, kwa kuwa prefe atafinya jina lake kusudi aone yeye ni nani. Profili yenye jina la kweli, sura ya mwenyewe, muji anamoishi na picha tatu ao ine za kazi yake inatosha. Profili yenye picha ya ua na jina la kuchezea inamaliza habari pale pale.

Mustari wa kwanza

Kwetu, mutu haanze na biashara. Anasalimia kwanza, anauliza habari za nyumbani, kisha anaingia mu shida yake. Mu uso kwa uso ni heshima. Mu kisanduku cha mialiko ni hasara, kwa sababu salamu inakula maneno yote yenye kuonekana. Hii ni mesaji ambayo wakubwa wa masomo wanapokea sana:

"Jambo Bwana Prefe, habari ya leo? Natumaini uko muzima na jamaa yote. Naomba kukusumbua kidogo kama hautajali."

Prefe hajui kama ni muzazi, mutu wa kuomba kazi ao mwizi wa ku telefone. Mwizi pia anaanza vile. Profili zinaibiwa kila siku, na wezi wanaandikia watu kwa sauti ya upole mpaka waombe feza ku M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mukubwa wa masomo mwenye akili hakubali salamu tupu kutoka kwa mutu asiyemujua.

Basi salamu iwe neno moja, na jambo lifuate mu mustari ule ule: "Jambo Bwana Prefe. Ninashona uniforme mu komine Kimemi, na ninaandika juu ya mashati ya wanafunzi wenu." Sasa anajua nani, wapi na juu ya nini, hata kama hajafungua mesaji. Kama mukubwa ni mwanamuke, ni Mama Prefe. Kama ni masomo ya musingi, anaitwa Direktere, hapana Prefe. Kosa la cheo linaonyesha kama mwenye kuandika hajui masomo yenyewe.

Mesaji nzima

Tuchukue mwenye atelie moja mu Butembo. Ni mama mwenye mashini tatu za miguu na washonaji wawili pamoja naye. Ameona ku profili ya prefe wa masomo moja ya sekondari tangazo la kuandikisha wanafunzi wapya. Mesaji yake inaweza kuwa hivi:

"Jambo Bwana Prefe. Ninashona uniforme mu komine Kimemi, na ninaandika juu ya mashati ya wanafunzi wenu. Mimi ni mama (jina lake lote), atelie yangu iko (avenu na namba). Nimeona tangazo lenu la kuandikisha wanafunzi. Mwaka uliopita nilishona mashati ya masomo (jina), munaweza kuwauliza. Ninaweza kuwatolea mashati 60 mu majuma mawili. Shati moja la saizi ya miaka 12 ni dolare 7, na hiyo bei ninaishika mpaka tarehe 31 mwezi wa saba. Ninaomba ruhusa ya kuwaletea shati moja la mufano, muliangalie, bila malipo. Siku ya tatu ao ya ine asubui, gani inawafaa? Asante."

Ni mesaji ya kusoma mara moja bila kuchoka. Neno "Nimeona tangazo lenu" linaonyesha kama haijatumwa kwa watu mia. Jina la masomo ya mwaka uliopita ndilo lenye nguvu zaidi, kwa sababu prefe anaweza kupigia mwenzake na kuuliza. Lakini mushonaji aombe ruhusa kwa ile masomo mbele ya kuandika jina lake. Kama hana kazi ya zamani ya kuonyesha, aandike adrese tu na kusema mulango uko wazi. Asitunge.

Mwisho, anaomba kitu kimoja kidogo: kuleta shati la mufano. Haombi komande. Hakuna prefe anayeweza kutoa komande ya mashati 60 mu Messenger kwa mutu ambaye hajaona, na mara nyingi haamue peke yake. Komite ya wazazi inaulizwa, kwa kuwa wazazi ndio wanalipa. Lakini kuangalia shati moja, prefe anaweza kukubali peke yake. Na kwa kuwa anapewa siku mbili za kuchagua, jibu lake linaweza kuwa neno moja tu.

Picha na viungo vya kufinya visitumwe mara ya kwanza. Kiungo kutoka kwa mutu asiyejulikana kinatia woga, na mwenye kutumikisha Facebook bila mega anaweza kukosa kuona picha. Avansi pia isitajwe. Hata kama ni kawaida ya kazi, feza ikitajwa mu mesaji ya kwanza, inafanana na wizi.

Hesabu nyuma ya namba

Ile namba ya mashati 60 mu majuma mawili haikutoka mu hewa. Mushonaji mumoja mu ile atelie anamaliza mashati 4 kwa siku. Kwa mashini tatu ni 12 kwa siku, na 60 yanamalizika mu siku 5 za kushona. Ongeza siku 2 za kukata kitambaa, na siku 2 za vifungo, matundu na pasi. Ni siku 9 za kazi. Majuma mawili yenye siku 6 za kazi yanatoa siku 12. Zile 3 zenye kubaki ni za ugonjwa, mvua, ao kitambaa chenye kuchelewa ku njia. Mashini za miguu hazingojee kura, kwa hiyo ukosefu wa umeme hauvunje ile hesabu, isipokuwa pasi, na pasi ya makaa inasaidia.

Angeandika mashati 300, prefe angefurahi, lakini kwa mashini tatu ni siku 25 za kushona peke yake. Masomo ingefunguliwa bila uniforme, na mwaka ujao hakuna mutu angemujibu. Bei pia iko na tarehe ya mwisho kwa sababu kitambaa kinanunuliwa kwa dolare, na bei yake sokoni inaweza kubadilika mbele ya komande kufika.

Kama jibu halikuji

Angoje juma moja. Kisha aandike mara moja tena, mu mazungumzo yale yale, mustari mumoja: "Bwana Prefe, shati la mufano liko tayari. Ninaweza kulileta siku ya tano asubui?" Kisha pale anyamaze. Mesaji ya tatu na ya ine zinamupa prefe sababu ya kufinya Bloquer.

Kosa lenye kuonekana sana ni kunakili mesaji moja na kuituma kwa wakubwa wa masomo 40 mu saa moja. Facebook inaweza kuiona kama Spam na kumuzuia mwenye profili asitume mesaji kwa saa ao siku kazaa. Atajua kwa sababu mesaji zinakataa kwenda, ao onyo linatokea ku kioo. Afazali masomo tatu ao ine kwa siku, kila moja na mustari wake wa "nimeona".

Na Messenger si mulango peke yake. Kama prefe ni wa muji ule ule, mushonaji anaweza kuacha barua na shati ku sekretariati, na kusema aliandika pia ku Facebook. Mara nyingi pale ndipo prefe anaenda kufungua kile kisanduku.

Prefe akijibu

Ajibu siku ile ile, na kufika saa aliyosema. Shati la mufano liwe la kitambaa kile kile kitakachotumikishwa kwa komande. Kama ni kizuri zaidi, wazazi wataona tofauti na kulalamika. Baada ya prefe kukubali shati, mazungumzo yatoke mu telefone na kuingia mu karatasi: fakture proforma yenye saizi na bei, kisha boni ya komande yenye sinyatire na mureure wa masomo. Pale ndipo avansi inaweza kuulizwa, na itolewe kwa risiti. Mesaji ya Messenger inaweza kufungua mulango, lakini haiwezi kushika nafasi ya ile karatasi siku ugomvi unatokea juu ya namba ao bei.